Paneli ya "300W", betri ya "200AH", na saa tatu usiku giza: jinsi ya kusoma picha za sola yako

Malalamiko ya sola za nyumbani yanafanana sana. Mtu anatuma picha moja kaipigia mbali, paneli inaonekana juu ya bati, inveta kona ya chumba, betri imefunikwa kitambaa, alafu anaandika: paneli wati 300, betri 200, inveta 2000, ila ikifika saa tatu usiku kila kitu kinazima, tatizo nini? Kwa picha ile hamna fundi anayeweza kusema kitu cha maana, na anayesema anabahatisha. Ila ukipiga picha zinazotakiwa, sehemu kubwa ya jibu unalipata mwenyewe kabla hujafungua hata nati moja, manake mara nyingi kifaa hakijaharibika kabisa, ni stika tu inasema kitu na kifaa chenyewe ni kitu kingine.

Picha ninazoomba mimi ni hizi. Paneli: stika ya nyuma kwa karibu, bila flashi manake flashi inafuta maandishi, alafu paneli nzima kwa mbele ili seli zihesabike, na vipimo vya urefu na upana kwa futi kamba. Betri: lebo yote pamoja na maandishi madogo ya pembeni, na uzito wake, mizani ya mazao inatosha kabisa. Inveta: stika, na mgongo wake pale waya za betri zinapoingia. Kontrola, kile kifaa cha kati kinachopeleka umeme wa paneli kwenye betri: jina, na pale palipoandikwa volti za mwisho za paneli. Basi.

Nitaenda na nyumba moja ya Makambako manake ilikuwa na karibu kila kitu. Mama mwenye nyumba ana tivi ya inchi 32, king'amuzi na taa tano. Siku za mwanzo vilikaa mpaka usingizi unakuja, baadae vikawa vinakata saa tatu, mwisho saa mbili. Alishaambiwa betri imekufa anunue nyingine.

Dalili ya kwanza: siku nzima jua kali, betri haijai

Anza na paneli. Stika ya mama ilisoma hivi:

```
Pmax 300W
Vmp  18.0V
Imp  16.67A
Voc  21.6V
Isc  17.8A
```

Pmax ni wati za mwisho, Vmp na Imp ni volti na ampea paneli ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, Voc ni volti ikiwa wazi bila mzigo, Isc ni ampea ukiunganisha chanya na hasi. Cha kwanza watu wanachoangalia ni hesabu, Vmp mara Imp lazima itoe Pmax. Hapa 18 mara 16.67 ni 300, imekubali. Kuna stika zinazofeli hata hapa, unakuta 300W, 18V, 8.3A, ukizidisha unapata 150 na maneno yameisha. Lakini aliyechapa stika ya uongo akiwa na kalkuleta atafaulu huu mtihani, kwahiyo usiishie hapo, nenda kwenye ukubwa, manake ukubwa wa kioo hauchapwi.

Jua kali la mchana linaleta takribani wati 1000 kwenye kila mita moja ya mraba, na stika zote za paneli zinapimwa kwa kiwango hicho hicho. Paneli nzuri za siku hizi zinazouzwa madukani zinageuza asilimia 20 hadi 23 ya hiyo kuwa umeme, zile za zamani za bluu ni 15 hadi 17. Manake mita moja ya mraba ya paneli nzuri ni wati 200 na kidogo, haiwezi kuwa 400. Paneli ya mama ilikuwa sentimita 118 kwa 67, hiyo ni mita za mraba 0.79. Ili iwe wati 300 ingebidi igeuze asilimia 38 ya jua, na hakuna paneli ya hivyo unayoweza kununua Kariakoo wala popote pale kwa ajili ya nyumba. Kwa ukubwa ule, ukiisifia sana ni 180.

Alafu hesabu seli kwenye picha ya mbele. Zilikuwa 36, safu nne za tisa tisa. Idadi ya seli ndo inakupa volti: kila seli ikiwa wazi bila mzigo inatoa kama volti 0.6, kwahiyo 36 ni kama volti 22, na hapo stika yake ilisema kweli. Ukubwa wa seli moja ndo unakupa ampea. Ya kwake ilikuwa kama sentimita 15.6 kwa 12.5, yaani sentimita za mraba 195, na seli nzuri inatoa kama ampea 4 kwa kila sentimita za mraba 100, inaweza kuzidi kidogo tu. Kwahiyo hapo hata uombe hupati zaidi ya ampea 8. Hizo 16.67 zilitoka kwenye printa.

Angalizo kwa paneli mpya zenye mstari katikati, zile zenye seli zilizokatwa nusu. Ukihesabu 144 usidhani ni volti 86. Nusu ya juu na nusu ya chini zimeungwa sambamba, kwahiyo kwenye volti zinahesabika 72, na ampea ni za nusu seli mbili zikijumlishwa. Hapa wengi wanapotea wakihesabu kwa picha.

Saa saba mchana tukamwambia kijana wake achomoe paneli kwenye kontrola apime kwa maltimita. Volti ikiwa wazi 20.1, ampea kwa kuunganisha chanya na hasi kupitia mita 6.9. (Hicho kipimo cha ampea fanya kwa paneli moja tu ambayo unajua haifiki ampea 10, manake mita nyingi za kawaida mwisho wake ni 10, na waya nyekundu uihamishie kwenye tundu la 10A. Paneli kubwa tumia klampu mita inayosoma DC.) Sasa mtu akiona 20.1 wakati stika imesema 21.6 anaona paneli mbovu. Sio mbovu, ina joto. Volti ya paneli inashuka kama asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na paneli iliyo juani inafika nyuzi 55 au 60 bila shida, kwahiyo kupungua asilimia 10 ni kawaida. Hitimisho likawa paneli ni nzima kabisa, ila ni ya wati 120 hivi.

Weka hilo kwenye maisha ya ile nyumba. Ukipata masaa matano ya jua la maana, ampea 6 na nusu mara masaa 5 ni kama AH 33, yaani ampea mara masaa, zinazoingia kwenye betri kwa siku. Usiku tivi wati 50, king'amuzi 15, taa tano za wati 7 ni 35, jumla 100, kwa masaa matano ni 500, ongeza kile inveta inachokula yenyewe unafika 600, gawanya kwa volti 12 ni AH 50. Zinaingia 33 zinatoka 50. Betri inakuja imejaa kutoka dukani, inakula akiba yake siku za mwanzo, baada ya hapo haijai tena na inazidi kuchoka, ndo maana kuzima kulikuwa kunasogea kutoka usingizini kuja saa tatu kuja saa mbili. Ukiona giza linawahi kidogo kidogo wiki kwa wiki, shuku chaji inayoingia kabla hujashuku betri. Betri iliyokufa yenyewe tabia yake ni nyingine, inaonyesha imejaa saa sita tu mchana alafu jioni inaanguka ndani ya nusu saa.

Dalili ya pili: betri inajaa haraka, inaisha haraka

Kwa betri za risasi, iwe jeli au zile zilizofungwa, uzito hausemi uongo kama lebo, manake ampea zinakaa kwenye risasi na risasi ni nzito. Betri ya kweli ya 12V 100AH inakuwa kati ya kilo 27 na 32, ya 200AH inakaribia 60. Ya mama iliandikwa 200AH ikawa na kilo 24. Hiyo ni 80 hivi, labda 85. Usitumie hii hesabu kwa lithiamu, kule ya 100AH ina kilo 10 hadi 13 tu na ni halali yake.

Soma na maandishi madogo. Ukikuta 20HR au C20 pembeni ya Ah maana yake uwezo huo ni kwa kuitoa chaji taratibu masaa 20, ukikuta C100 wamepima kwa masaa 100, namba inakuwa kubwa ila betri ni ile ile, kwahiyo usilinganishe betri mbili kama hizo herufi hazifanani. Ukikuta CCA hiyo ni betri ya kuwashia gari. N70 nyingi zinazofungwa kwenye sola ni za namna hiyo, zinatoa umeme mwingi kwa sekunde chache, ila ukizimaliza kila usiku hazichukui muda zinachoka. Ukikuta 12.8V badala ya 12V ujue ni lithiamu ya LiFePO4, na hapo kontrola iwekwe kwenye mpangilio wa lithiamu unaoishia volti 14.6 au chini kidogo kama lebo inavyosema. Ikiachwa kwenye mpangilio wa betri ya maji, volti zinaweza kupanda mpaka ulinzi wa ndani ya betri unakata, alafu unaambiwa betri inazima yenyewe mchana kweupe.

Kuhakikisha bila vifaa vya maabara, jaza betri mpaka iishie, iache imetulia masaa kadhaa bila kuchaji wala kutumia, isome kama 12.7. Kisha iwekee taa za DC zinazokula ampea 5, hesabu masaa. Betri ya kweli ya 200AH itakaa masaa 20 ndo ifike nusu, na nusu unaijua kwa kuizima, kuiacha itulie tena, ukasoma volti 12.1 au 12.2. Ya mama ilifika hapo kwa masaa nane. Na betri ya risasi usiizoeshe kushuka chini ya nusu, hapo ndo inapoanza kufa, kwahiyo matumizi yake ya usiku ya AH 50 yalikuwa yanaimaliza hata kama ingejaa kila siku.

Dalili ya tatu: inveta inapiga kelele wakati betri bado ipo

Kijana aliandika kwamba akiwasha blenda inveta inalia alafu inazima, wakati betri inasoma 12.4. Picha ya stika: 2000W kwa herufi kubwa, chini yake kwa herufi ndogo Peak. Hiyo Peak ni ya sekunde, wakati mota inaamka. Ya kudumu tafuta palipoandikwa Rated au Continuous, na kama hapajaandikwa chukulia nusu ya ile kubwa, usipungukiwe na tahadhari hapo.

Njia nzuri zaidi ni fyuzi. Inveta nyingi za 12V zina fyuzi za upande wa betri, kwenye nyingine zinaonekana mgongoni na kwenye nyingine ziko ndani (chomoa betri kwanza, subiri dakika kadhaa, kapasita zinabaki na umeme). Ya kwao ilikuwa na tatu za 30, jumla 90, mara volti 12 ni wati 1080. Inveta ya kweli ya wati 2000 kwa volti 12 inavuta zaidi ya ampea 180, zile fyuzi zingeyeyuka. Kwahiyo ile ni inveta ya wati 800 hadi 1000 ya kudumu. Kwa tivi na taa inatosha na kubaki, kwa pasi sahau.

Lakini blenda ya wati 500 haikutakiwa kuizima, kwahiyo hapa stika sio mkosaji. Ukirudi kwenye picha ya mgongo utaona waya: milimita za mraba 6, urefu mita tatu kutoka kwenye betri. Blenda ikiamka inavuta ampea 60 na zaidi kwenye betri. Waya wa namna hiyo, kwenda na kurudi mita sita, unapoteza volti 1 nzima kwa ampea 60. Betri ina 12.4 ila kwa kuwa nayo imeelemewa inashuka 11.8, waya unakula 1, inveta inaona 10.8 inaanza kulia, ikishuka karibu 10 inakata. Pima sehemu mbili kwa wakati mmoja mzigo ukiwa umewashwa, kwenye vichwa vya betri na kwenye vichwa vya inveta. Tofauti ikizidi nusu volti tatizo ni waya au maungio, shika hapo kwenye nati utasikia joto. Wao wakaisogeza inveta ikawa mita moja, waya wa milimita za mraba 25, na kelele zikaisha, inveta ile ile.

Dalili ya nne: umenunua paneli kubwa ya kweli, na bado

Baada ya kuelewa, mama akasema "mwanangu, basi ninunue kubwa tumalize." Wakanunua, safari hii wakituma picha kabla ya kulipa. Stika: 545W, Vmp 41.80, Imp 13.04, Voc 49.65, Isc 13.92, urefu milimita 2278 kwa 1134. Hiyo ni mita za mraba 2.58, wati 211 kwa mita, seli 144 za nusu. Inakubali kila upande, paneli ni ya kweli. Ukiwa na jina la modeli tafuta karatasi yake ya vipimo, linganisha urefu, upana na uzito, ila angalia usisome jedwali lisilo lenyewe: karatasi hizo zina jedwali la STC lenye namba sawa na stika, na la NOCT ambalo limepimwa kwa jua la wati 800, pale 545 inasomeka 400 na kitu, watu wanakimbia wanasema wameibiwa.

Shida ilikuwa kontrola. Picha ilionyesha MPPT 30A, aina ya kontrola inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, na chini Max PV 50V, yaani mwisho wa volti za paneli. Mtu anaona 49.65 iko chini ya 50 anaunganisha. Usifanye. Volti inayoshuka kwa joto inapanda kwa baridi, na Makambako asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba nyuzi 7 ni jambo la kawaida. Tofauti ya nyuzi 18 kutoka 25, kwa paneli hii kama asilimia 0.27 kila nyuzi, volti inafika 52 jua linapochomoza tu, manake volti haihitaji jua kali ili ipande. Kontrola inakufa saa moja asubuhi na mwenye nyumba anadhani radi. Acha nafasi ya asilimia 15 kati ya Voc na mwisho wa kontrola, na sehemu za baridi usipunguze.

Cha pili, lile neno MPPT lilikuwa stika tu. MPPT ya kweli ina koili nzito ndani na inahisika mkononi, hii ilikuwa nyepesi kama plastiki tupu. Uthibitisho ni klampu mita, pima ampea kwenye waya wa paneli na kwenye waya wa betri, betri ikiwa bado haijajaa. Kwa paneli ya zamani zilisoma 6.2 na 6.2. Zikiwa sawa hiyo ni PWM, inaunganisha paneli na betri moja kwa moja na volti za ziada zinapotea. MPPT ya kweli upande wa betri lazima ampea ziwe nyingi, hapo ingekaribia 7 na nusu. Kwa paneli ya seli 36 hasara ni ndogo, kwa paneli ya volti 41 ni balaa: ampea 13 na kitu mara volti 13 za betri, unapata wati 180 kutoka kwenye paneli ya 545.

Wakanunua kontrola ya MPPT ya 40A yenye mwisho wa volti 100. Wati 545 kwa volti 13 ni ampea 42, hizo mbili za juu zitakatwa mchana wa jua kali tu, hazina madhara. Ila ampea 40 kwenye ile betri yao ya 80 ni nyingi mno, betri za risasi zilizofungwa nyingi zinataka chaji isizidi robo ya uwezo wake au karibu na hapo, lebo ikisema Max charging current fuata hiyo. Kwahiyo kwenye menyu ya kontrola tumeweka mwisho ampea 20, ikae hivyo mpaka anunue betri nyingine, na hiyo nyingine aipime kilo pale pale dukani kabla haijafungwa kwenye boda.